Picha moja ya mteremko, majibu matano

Mwanafunzi aliyekaa dawati la pembeni amenyoosha mkono na kupiga picha ubao kabla haujafutwa. Ndani ya picha kuna mstari mlalo, na mstari mwingine unaopanda kuelekea kulia. Juu ya huo wa pili kimekaa kipande cha mbao kilichochorwa kama mraba. Mishale inachomoza kutoka kwenye kipande: P inashuka wima, N inaegemea kushoto ikipanda, f inalala juu ya mteremko ikielekea kileleni. Pembeni, kwa chaki, kuna m = 4 kg na θ = 30°, kisha namba mbili za msuguano, µs = 0,40 na µc = 0,25. Mwanga wa dirisha umezimeza nusu namba hizo zote nne. Kipande kimeachiliwa kutoka hali ya kutulia. Swali: tafuta a.

Picha ya namna hii ikiingia kwenye kundi la WhatsApp la wanaojiandaa kwa mtihani wa Leta, hapa Bukavu au kokote Kivu, majibu huja mengi na kila mwenye jibu hulitetea. Kwa picha hii yanaweza kuja matano: 2,78, 2,45, 1,51, 3,94 na 7,68, yote kwa mita kwa sekunde mraba. La kwanza ndilo sahihi. Yale manne hayakutokana na hesabu mbovu ya kujumlisha na kutoa. Kila moja limeingilia mlango wake, na ukiijua milango hiyo hutaogopa picha nyingine ya mteremko.

Tuelewane kwanza juu ya maneno. Nguvu ni kusukuma au kuvuta kunakofanywa na kitu kimoja juu ya kitu kingine, nayo hupimwa kwa newton. Masi ni kiasi cha kitu chenyewe, kwa kilo. Uzito ni nguvu ambayo dunia inavutia masi hiyo, kwa hiyo nao ni wa newton, ingawa sokoni tunasema uzito wa kilo nne na tunaelewana. Mchapuko, ile a ya swali, ambao darasani huitwa akselerasiyo, ni kasi inavyoongezeka au kupungua kila sekunde. Kipande chenye mchapuko wa 2,78 kinaongeza mita 2,78 kwa sekunde katika kila sekunde inayopita. Mchoro wa nguvu, basi, ni picha ya kitu kimoja tu kilichotengwa na vingine vyote, pamoja na mishale ya nguvu zinazokigusa au kukivuta.

Neno "zinazokigusa au kukivuta" libebe kwa uzito wake, maana ndani yake kuna kipimo cha kwanza cha mchoro. Kila mshale lazima uwe na mwenyewe. P ni ya dunia. N ni ya uso wa mteremko unaokataa kipande kisizame ndani yake. f ni ya uso uleule, unaokwaruzana na kipande. Vitu vinavyokihusu kipande ni viwili tu, dunia na uso, na mishale ni mitatu. Sasa tazama picha tena: kuna mshale wa nne, wa nukta nukta, unaoshuka sambamba na mteremko, na mwingine wa nukta nukta unaozama ndani ya mteremko. Uliza mwenye kuuleta ni nani. Hakuna. Ni uzito uleule P ambao mwalimu ameukata vipande viwili ili ahesabu kwa urahisi, ndiyo sababu akatumia nukta.

Picha ikiwa hafifu, nukta huungana zikawa mstari mzima, na mtu huona nguvu mpya ambayo haikuwapo. Wengine huipa hata jina, "nguvu ya mwendo". Anayeihesabu hiyo juu ya uzito uliokwisha kuhesabiwa anapata mvuto mara mbili kuteremka, newton 39,2 badala ya 19,6, na jibu lake linatoka 7,68. Huo ni mlango wa kwanza. Unapoinakili picha kwenye daftari, chora mishale mitatu kwa kalamu na ile miwili ya kukatia uzito kwa penseli au rangi nyingine.

Kwa nini tunaukata uzito? Fikiria vijana wanaoshusha makasha ya sabuni kutoka kwenye lori kwa kutumia ubao mrefu, upande mmoja juu ya lori, upande mwingine chini barabarani. Ubao ukilazwa chini kabisa, unabeba kasha zima na kasha halina haja ya kuteleza. Ukisimamishwa wima kama ukuta, haubebi chochote, kasha linaanguka tu. Ukiinamishwa katikati ya hali hizo mbili, ubao unabeba sehemu ya uzito, na sehemu nyingine inabaki kulivuta kasha kuteremka. Uzito wenyewe ni mg, masi mara g, na g ni newton ambazo dunia inavutia kila kilo; θ ni pembe ya mteremko. Sehemu inayobebwa ni mg cos θ. Sehemu inayovuta ni mg sin θ.

Ubao huohuo ni dawa ya anayesahau sinusi iko wapi na kosinusi iko wapi. Weka pembe sifuri. Sinusi ya sifuri ni sifuri, kosinusi yake ni moja. Ubao uliolala hauvuti kitu kuteremka, kwa hiyo kinachovuta lazima kiwe na sinusi. Jaribio hilo linachukua sekunde tano na linashinda kukariri, kwa sababu siku moja mwalimu atakuwekea pembe kule juu, kati ya mteremko na wima, na kanuni uliyokariri itageuka kinyume bila kukuarifu.

Sasa tuhesabu. Tuchukue g = 9,8, na kila hatua tuiandike:

```
P      = 4 × 9,8         = 39,2 N
P sinθ = 39,2 × 0,5      = 19,6 N
P cosθ = 39,2 × 0,866    = 33,95 N
```

Kipande hakiruki kutoka kwenye uso wala hakizami ndani yake. Kwa hiyo kile ambacho uzito unakandamiza, uso unarudisha sawasawa: N = 33,95 newton. Hapa ndipo mlango wa pili ulipo, na ni mpana kuliko yote. Wengi wameanza msuguano kwenye meza iliyonyooka, ambako N ni sawa na mg, na mazoea yale wanayapandisha nayo mlimani. Wanaweka N = 39,2, msuguano unakuwa 9,8, na mchapuko unatoka 2,45. Jibu linafanana na la kweli, ndiyo maana ni la hatari: halimshtui mtu. Kumbuka ubao wa lori. Ukiinama, umeacha kubeba sehemu ya kasha, na uso unaobeba kidogo unakwaruza kidogo.

Kabla ya kuugusa msuguano kuna swali ambalo wengi huliruka: je, kipande kinaondoka kweli? Namba mbili za pembeni ya picha zipo kwa ajili ya swali hilo. Aliyewahi kusukuma kabati zito anajua kwamba kuling'oa ni kazi kuliko kuliendeleza likishaanza kuteleza. µs ni namba ya msuguano wa kitu kilichotulia, µc ni ya kitu kinachoteleza (madaftari mengine huandika µd), na ya kwanza kwa kawaida ni kubwa zaidi. Uso ukikishikilia kipande kilichotulia, unaweza kukishika kwa nguvu isiyozidi 0,40 × 33,95, yaani newton 13,58. Kinachovuta kuteremka ni 19,6. Hauwezi. Kipande kinaondoka.

Njia fupi ya kupima hilo ni kulinganisha tan θ na µs, bila masi wala g. Tanjenti ya 30° ni 0,577, imezidi 0,40, basi kitu kinateleza. Kwa uso huu mpaka uko karibu na 21,8°: chini ya hapo kipande kilichowekwa taratibu kinabaki mahali pake.

Wengine huona hatua hii ni urembo. Badili pembe iwe 20° uone. Anayeliruka swali anatoa msuguano wa µc kwenye kinachovuta, anagawanya kwa masi, anapata 1,05, anapiga mstari chini ya jibu. Lakini tan 20° ni 0,364, ndogo kuliko 0,40. Kipande hakijasogea hata kidogo, mchapuko wake ni sifuri. Na msuguano wake ni nini? Si 14,73 ambayo ndiyo mwisho wa uwezo wa uso pale. Ni 13,41, sawasawa na kinachovuta, kwa kuwa msuguano wa kitu kilichotulia hutoa kinachodaiwa tu. Shuka zaidi hadi 10° na hesabu hiyohiyo itakupa −0,71, kana kwamba kipande kilichoachiliwa kitaanza kupanda chenyewe. Alama ya kutoa ikitokea kwa kitu kilichoanza kwa kutulia, rudi nyuma: umehesabu mwendo wa kitu ambacho hakiendi.

Kwetu kipande kinaondoka, basi tangu kinapoanza kuteleza µs imemaliza kazi yake na tunashika µc:

```
f = 0,25 × 33,95            = 8,49 N
a = (19,6 − 8,49) / 4       = 2,78 m/s²
```

Aliyebaki na 0,40 mpaka mwisho amepata 1,51. Huo ni mlango wa tatu, na mara nyingi kosa ni la picha kuliko la mtu: herufi ndogo s na c zilizoandikwa kwa chaki, zikapigwa kwa mbali, zikabanwa na WhatsApp, zinafanana kama mapacha. Ikiwa huwezi kuzitofautisha, namba zenyewe zinakusaidia, kubwa ni ya kutulia. Na ikiwa kwenye ubao kuna µ moja tu, itumie kwa yote mawili.

Masi iko wapi katika jibu? Ukiandika hatua zote kwa herufi, m inakuwa katika kila kipengele, na inaondoka:

```
a = g (sin θ − µc cos θ)
```

Kwa hiyo kipande cha kilo 4 na cha kilo 40, vya mbao ileile juu ya uso uleule, vinateremka bega kwa bega. Hili ndilo watu hulikataa kwa nguvu zote, wakisema kizito lazima kishuke haraka. Ni kweli kinavutwa mara kumi zaidi. Lakini pia kinakandamiza uso mara kumi na kukwaruzwa mara kumi, na ni kigumu kuchapuka mara kumi. Mambo matatu yanakua pamoja na kufutana. Upana wa kipande nao hauingii: ukikilaza kwa ubavu mpana au mwembamba, f ni ileile, jambo ambalo Mfaransa Guillaume Amontons alilieleza mwaka 1699. Kanuni hii inafaa vitu vigumu na vikavu. Tairi la pikipiki kwenye udongo mwekundu wa Kadutu baada ya mvua ni habari nyingine, tope haliheshimu namba moja ya µ.

Umebaki mlango wa nne, wa 3,94, na huu ni wa picha peke yake. Aliyepata jibu hili hakuiona 30° vizuri kwa sababu mwanga uliifunika, au aliiona lakini akataka kuhakikisha. Akaweka raporta juu ya kioo cha simu, akapima, akasoma 37°. Alipima sawasawa. Picha ndiyo iliyomdanganya.

Mwanafunzi alikuwa dawati la pembeni, si mbele ya ubao. Kitu bapa kikitazamwa kwa upande, upana wake unajikunja lakini urefu wa kwenda juu unabaki, kama mlango uliofunguliwa nusu unavyoonekana mwembamba bila kuwa mfupi. Simu ikiwa imekwenda pembeni kwa 40° kutoka mbele ya ubao, upana uliomo pichani unabaki kama asilimia 77 ya ule wa kweli. Mteremko wenye kimo kilekile juu ya kitako kilichopungua unaonekana mkali zaidi. Tanjenti 0,577 ikigawanywa kwa 0,766 inatoa 0,754, na hiyo ni pembe ya 37°. Ukiiweka kwenye kanuni unapata 3,94, zaidi kwa theluthi na ushei, ingawa kila hatua ya fizikia ilikuwa safi.

Utajuaje kwamba picha imejikunja? Tafuta pembe ambayo unaijua tayari. N lazima iwe na pembe mraba na mteremko, ndiyo maana ya kuichora. Katika picha hii iliyopigwa kwa upande, pembe ya N na upande wa mteremko unaopanda inaonekana kama 77° badala ya 90°. Ukiona N imelalia upande wa kilele hivyo, usipime chochote kwenye picha hiyo. Angalizo: pembe ya P na mstari mlalo inaweza kubaki 90° hata picha ikiwa imejikunja, kwa hiyo hiyo haitoshi kukuhakikishia.

Lakini hata picha iliyopigwa mbele kabisa si ya kupimwa. Mwalimu anachora kwa mkono, mara nyingi anauchora mteremko wa 20° kama wa 35° ili mishale isibanane. Mchoro wa nguvu ni wa kusomwa: namba zilizoandikwa, mishale imetoka wapi, imeelekea wapi, kialama cha pembe mraba kiko wapi, θ imewekwa kona ipi. Ikiwa namba imefichwa na mwanga, mwombe aliyekuwepo darasani aisome. Kama unapiga picha wewe, simama mbele ya mchoro, simu iwe sambamba na ubao na kimo chake kiwe cha katikati ya mchoro, zima flashi kwa kuwa rangi ya ubao inaurudisha mwanga, kisha piga nyingine ya karibu kwa ajili ya namba peke yake. WhatsApp hubana picha. Ukiituma kama Document, herufi ndogo zinafika zikiwa nzima.

Tofauti ndogo za majibu zisikutie wasiwasi. Mwenye kutumia g = 10 anapata 2,83, na mwenye 9,81 anapata 2,78 kama sisi. Hapa Bukavu, karibu na ikweta na kwenye mwinuko wa kama mita 1 500, g ya kweli ni karibu 9,78, nayo inatoa 2,77. Majirani hao wote ni sahihi. Ila kikokotoo kikikupa sinusi ya 30 kuwa −0,988, kiko kwenye radiani. Kirudishe kwenye digrii, alama DEG au D juu ya kioo, kabla ya kuendelea.

Kuna njia ya kulijaribu jibu kwa mkono. Kwenye ubao wa mita 2 uliowekwa kwa 30°, kipande kinachoanza kwa kutulia na kuchapuka kwa 2,78 kinafika chini baada ya sekunde 1,2, kikiwa na kasi ya mita 3,3 kwa sekunde. Jibu la 7,68 lingekifikisha kwa sekunde 0,72. Tofauti hiyo hata saa ya simu inaikamata. Ukirudia mara kadhaa ukapata, tuseme, sekunde 1,4, kanuni haijavunjika: mchapuko wako ni kama 2,04, na µc ya mbao zako ni karibu 0,34, wala si 0,25.

Mwisho, tazama mshale f kabla hujaamini alama yoyote. Katika picha yetu unaelekea kileleni kwa sababu kipande kinateremka. Msuguano wa mwendo hupinga kuteleza, hauna upande wake wa kudumu. Swali likibadilika, kipande kikarushwa kupanda kwa kasi ya mita 3 kwa sekunde, f inageuka na kushuka pamoja na sehemu ya uzito:

```
a = 9,8 × (0,5 + 0,25 × 0,866) = 7,02 m/s², kuelekea chini
```

Kipande kinapunguza kasi, kinasimama baada ya sentimita 64 na sekunde 0,43. Pale kinaposimama, uliza tena lile swali la tan θ na µs. Jibu ni lilelile, hakishikiki. f inageuka kurudi ilivyokuwa pichani, na kipande kinateremka kwa 2,78, kikitumia sekunde 0,68 kwa safari ileile iliyokichukua 0,43 kupanda.